Usiku wa Kigoma na Tabora

Milima yetu ya Masisi haina reli. Kijana wa Muheto anayekwenda masomoni huanza kwa miguu, kisha hupanda lori, na akibahatika hufika Goma kabla ya giza. Ndiyo maana wiki iliyopita, kijana mmoja wa kikundi chetu aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika alipotujia na kusema, «Mwalimu, nimeambiwa nitalala ndani ya gari la moshi, na ninaogopa,» tulimwelewa mara moja. Tulikaa naye kwenye benchi mbele ya kanisa, tukamsimulia usiku mmoja wa mwaka 1990. Baadaye tuliona kuwa si yeye peke yake anayepaswa kuusikia.

Tulikuwa na umri wa miaka 21. Tulikuwa tumemaliza masomo ya ualimu, na mapadri walikuwa wametutafutia nafasi ya miezi michache mjini Tabora, Tanzania, ili tukaimarishe Kiswahili chetu kabla ya kuanza kufundisha. Ingawa tunasema «sisi», katika safari ile hatukuwa na mwenzetu hata mmoja. Ndugu yetu mkubwa alitusindikiza Goma, akangoja mpaka meli ya Bukavu ikang'oa nanga, akarudi mlimani. Kutoka hapo tulikuwa peke yetu: Bukavu, kisha Uvira, kisha Bujumbura, na mwishowe meli iliyotuvusha hadi Kigoma.

Fedha za safari hazikuwa zetu. Shirika letu, yaani familia zile kumi na kitu zilizokutana kila Alhamisi kusali pamoja, zilikuwa zimechanga. Wengine walitoa maharagwe, wengine kuku, vikauzwa sokoni. Mama alizishona noti ndani ya bitana ya koti letu zito la baridi, akakata uzi kwa meno, akasema, «Mwanangu, hili koti si lako. Ni la watu wote.» Tangu siku ile mkono wetu wa kushoto ulikuwa haubanduki kifuani.

Mbali na koti, tulikuwa na mizigo mitatu. Wa kwanza ulikuwa sanduku la bati, lenye vitabu na nguo. Wa pili ulikuwa bunda la blanketi lililofungwa kwa kamba ya mkonge, na ndani yake mashuka na viatu vya ibada. Wa tatu ulikuwa mfuko wenye jibini mbili za Masisi, zile za mviringo, zawadi kwa watakaotupokea. Mtu wa milimani akifunga mzigo hufikiri kuwa dunia nzima ni baridi kama kwao. Kigoma ilitupokea kwa joto zito la ziwani, na kufikia saa sita mchana jibini zilianza kujitangaza zenyewe. Mbwa mmoja wa bandarini alitufuata hadi mlangoni pa stesheni.

Stesheni ya Kigoma haiko mbali na bandari. Ni jengo la Wajerumani, jeupe, lenye matao, linalotazama ziwa. Walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hata meli kubwa ya ziwa, Liemba, ilisafiri kwanza kwa reli hiyo kama mzigo: iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikaja kuunganishwa upya Kigoma. Sisi tulikuwa tumeteswa na sanduku moja tu.

Tulinunua tiketi ya daraja la pili, kwa kuwa mapadri walikuwa wamesisitiza tulale. Daraja la tatu ni mabenchi, na mtu hukesha ameketi. La pili lina vyumba vidogo vya watu sita: vitanda vitatu upande huu, vitatu upande ule, kimoja juu ya kingine, na dirisha moja katikati. Wanaume huwekwa vyumba vyao na wanawake vyao. Mlango hufunguka kwenye ujia mwembamba unaopita ubavuni mwa behewa zima. Karani alituandikia kitanda cha kati, akasema, «Saa kumi na moja jioni, usichelewe.»

Tukaitazama saa yetu ya mkononi. Ilikuwa saa tisa na robo. Tukaona muda ni mwingi, tukaenda chini ya mwembe, tukaketi juu ya sanduku, tukatoa kitabu. Watu walipoanza kuchukua mizigo na kuingia ndani, tuliwahurumia kwa haraka yao. Saa yetu ilionyesha bado dakika chache kufika saa kumi mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alipotusimamia mbele.

«Wewe kijana, husafiri?»

«Ninasafiri, mama. Lakini ni saa kumi na moja.»

«Na sasa ni saa ngapi?»

Tukamwonyesha saa. Akacheka, kisha akaacha kucheka. «Umetoka ng'ambo wewe! Hiyo ni saa ya kwenu. Hapa ni saa kumi na moja kasorobo saa hizi. Kimbia!»

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Kivu kwa saa nzima. Tulikuwa tumevuka ziwa na mpaka bila kuvuka saa. Yule mama aliacha beseni lake la maandazi chini ya mwembe, akabeba bunda la blanketi kichwani, nasi tukakokota sanduku, tukafika mlangoni pa behewa tukihema. Hatukumpa hata asante ya kutosha, kwa maana alirudi mbio kuangalia maandazi yake. Tunamtaja hapa kwanza, kabla ya mambo mengine, kwa sababu usiku ule tulimsahau haraka mno. Mtu wa kwanza tusiyemjua alikuwa ametuokoa, lakini tuliingia chumbani tukiwa tumejiandaa kumshuku wa pili.

Chumbani walikuwamo watu watano. Vitanda viwili vya chini walikuwa wameketi mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma na kijana mwenye mkoba wa ngozi. Wengine watatu walikuwa wanaume wa makamo, wafanyabiashara wa dagaa kwa jinsi mizigo yao ilivyonukia. Tukasema kwa sauti, «Jambo!»

Wakaitikia kwa chini, wakatazamana, wakanyamaza. Mzee hakusema lolote.

Baridi ikatuingia licha ya joto. Tulijiambia kwamba hawa watu wanajuana, kwamba wamekwisha kutuona kuwa wageni, kwamba mzee yule ana jicho baya. Ilitubidi tukae Tabora siku tatu ndipo tukaelewa. Kwetu Kivu «jambo» ni salamu kamili, na hata mkubwa hupokea. Lakini katika Tanzania kijana anayeingia mahali penye mzee humwambia «Shikamoo», naye mzee hujibu «Marahaba», na bila hiyo ni kama hujabisha hodi. Wale watu hawakuwa na ubaya wowote. Sisi ndio tulioingia bila adabu. Nasi tukauchukua ule ukimya, ambao chanzo chake kilikuwa kinywa chetu, tukaufanya ushahidi dhidi yao.

Gari la moshi likapiga honi, likavuta. Mtu ambaye hajalipanda angedhani mwendo ni mmoja kama wa lori, lakini sivyo. Kwanza husikika mshindo mbele kabisa, kisha mshindo mwingine, na mwingine, kila behewa likivutwa na lililo mbele yake, mpaka zamu yenu ifike na mwili urudi nyuma kidogo. Ziwa lilionekana dirishani, jekundu kwa jua, kisha vilima vikalifunika. Tulipanda kitandani mapema. Sanduku tulilisukuma chini ya kitanda cha chini. Mfuko wa jibini tuliutundika miguuni. Bunda la blanketi tuliliweka kwenye kimeza kidogo chini ya dirisha, kwa kuwa kitanda kilikuwa chembamba. Koti tulilivaa, ingawa jasho lilitutiririka.

Uvinza tulifika usiku umekwisha kuingia. Hapo ndipo penye visima vya chumvi ambavyo watu wamevichemsha tangu kabla ya Wazungu kufika. Watoto na akina mama walipita chini ya madirisha na taa za mafuta, wakiuza vifurushi vya chumvi, na mikono ya wasafiri ilishuka ikipokea na kutoa fedha gizani. Mzee alinunua vifurushi viwili. Kisha alifanya jambo lililotushtua: alisimama, akalisogeza bunda letu la blanketi mbali na dirisha, akalilaza kando ya mlango. Hakutuambia kitu. Alipoketi, tulishuka, tukalirudisha pale pale dirishani bila kumtazama. Yule kijana wa mkoba aliguna. Mzee akavuta kofia yake machoni.

Tukakesha. Tulisikia sauti ya magurudumu ikibadilika na kuwa nzito na yenye mwangwi, tukajua tuko juu ya daraja, mmoja wa wafanyabiashara akasema usingizini, «Malagarasi.» Baadaye tukasikia watu wakiitana, «Nguruka, Nguruka!» Kisha usingizi, ambao hauheshimu noti zilizoshonwa katika bitana, ukatuchukua.

Tulizinduliwa na utulivu. Gari lilikuwa limesimama katika kituo kidogo ambacho jina lake hatukuliona. Taa ya chumba ilikuwa imezimwa. Kukasikika honi, na ule mshindo wa kwanza wa mbali, ishara kwamba tunaondoka. Katika mwanga hafifu wa nje tukaona mtu ameinama juu ya kimeza, mikono yote miwili ikiwa juu ya bunda letu, akilivuta. Tukaitambua kofia ya kufuma.

Tukapaza sauti: «Mwizi! Mwizi!»

Ndugu vijana, ninyi mnalijua neno hilo. Mmeliona kazi yake sokoni na kwenye vituo vya magari. Mtu akilitamka, hakuna anayeuliza nani, wala nini, wala lini. Kabla hatujateremsha miguu, mlango ulikuwa umefunguliwa na ujia umejaa watu. Mmoja alimshika mzee shingoni. Mwingine alimpiga kofi, kofia ikaanguka. Sauti ikatoka nyuma: «Mtupeni nje!» Gari lilikuwa limeanza kutembea polepole, na mlango wa behewa haukuwa mbali. Mzee hakupigana. Aliinua viganja vyake viwili wazi mbele ya uso wake, akasema neno moja, «Dirisha.»

Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa yule kijana wa mkoba. Alisimama mbele ya mlango, akaweka mikono kwenye miimo miwili, akauliza kwa sauti ambayo baadaye tulijua ni ya darasani, kwa maana alikuwa mwalimu: «Ameiba nini? Nionyesheni kitu kilichoibwa!»

Mtu akawasha tochi. Bunda lilikuwa pale. Dirisha, ambalo tulikuwa tumelifunga kabla ya kulala, lilikuwa limeshushwa kiasi cha viganja viwili. Na katika kamba ya mkonge iliyofunga blanketi letu palikuwa pamenasa kulabu ya waya mnene, iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Sehemu kubwa ya fimbo ilikuwa bado nje, ikigonga ubavu wa behewa kadiri mwendo ulivyoongezeka. Aliyeishika alikuwa ameiachia na kubaki gizani.

Watu wakanyamaza. Kila mmoja aliyekuwa na macho aliweza kuunganisha mambo. Mzee alikuwa ameamka, akaona bunda likipaa kuelekea dirishani, akaling'ang'ania. Lakini mkono uliomshika shingoni bado haukuwa umeachia, kwa sababu mtu aliyekwisha kumpiga mwenzake huhitaji sababu ya kuacha kama alivyohitaji sababu ya kuanza. Wote wakatugeukia sisi. Sisi ndio tuliopiga kelele, na ni sisi tu tulioweza kuifuta.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hatukumwambia Mama tuliporudi, wala padri, kwa miaka mingi. Tulisita. Ukweli tulikuwa tumekwisha kuuona. Kilichotufunga ulimi kilikuwa aibu. Kukiri mbele ya watu ishirini kwamba tumemsingizia mzee wa rika la baba yetu kulionekana kuzito kuliko kuacha mambo yaishe yenyewe. Tulitafuta sentensi ambayo ingetuacha na heshima kidogo, kitu kama «nilidhani» au «kulikuwa na giza.» Tulikaa kimya kwa muda wa pumzi tatu labda. Katika pumzi hizo tatu mzee alikuwa akitutazama, mdomo wake ukitoka damu, na hakuomba kitu.

Mwishowe tukasema: «Mwacheni. Si mwizi. Ameokoa mzigo wangu, na mimi nimemsingizia.»

Mkono ukaachia. Watu wakatawanyika wakinung'unika, wengine wakitutukana sisi, na walikuwa na haki. Askari wa gari akaja amechelewa, akauliza maswali mawili, akaichukua ile fimbo. Yule mwalimu akaokota kofia, akaikung'uta, akampa mzee kwa mikono miwili.

Tukapiga magoti kwenye sakafu kati ya vitanda. Mzee akatushika bega akatuketisha kando yake. Jambo la kwanza alilotuambia usiku ule lilikuwa swali: «Unatoka wapi, mwanangu?» Tukamweleza. Akauliza kama huko kwetu kuna gari la moshi. Tukasema hakuna. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la fumbo. «Basi hukujua,» akasema. «Na mimi nilikosea. Niliusogeza mzigo wako Uvinza bila kukuambia. Mtu asiyeambiwa atafikiri lake.»

Neno hilo lilituuma kuliko lawama. Yeye aliyepigwa alikuwa anatafuta sehemu yake katika kosa.

Kisha akatufundisha, na alifundisha kama mtu aliyesafiri njia ile maisha yake yote. Mwizi wa dirishani, alisema, si msafiri mwenzako. Msafiri mwenzako hana pa kukimbilia. Mtakuwa naye mpaka kuche. Mwizi yuko nje, na hangoji gari linaposimama, kwa kuwa wakati huo watu wako macho, wananunua na kuuza. Hungoja honi ya kuondoka. Gari likianza kutembea, yeye huvuta, nawe huwezi kushuka kumfukuza. Kwa hiyo dakika ya kuwa macho ni ile ambayo kila mtu anarudi kulala. Dirisha la behewa hushuka kwa kusukumwa, na kufuli lake likichakaa, mtu aliye nje aweza kulishusha kwa viganja. Akatoa mfukoni kipande cha mti kilichochongwa, urefu wa shubiri mbili, akakipachika kwenye mfereji wa dirisha chini ya kioo. Akatuambia tujaribu kulishusha. Halikushuka.

«Hii ni kabari yangu,» akasema. «Jioni niliisahau, nikasema nitaiweka Nguruka. Nikasinzia.»

Akatuonyesha pia kufunga mpini wa sanduku kwenye mguu wa kitanda kwa kamba, fundo likiwa upande wa ndani. Na kuhusu koti akasema, bila kutabasamu, «Hilo koti livue. Mtu anayevaa koti la baridi Kigoma, huku ameshika kifua, anamwambia kila mtu fedha ziko wapi. Likunje, liweke chini ya kichwa, ulale.» Watu wote chumbani walicheka, hata mmoja wa wale wa dagaa ambaye tulidhani amelala. Walikuwa wamejua tangu jioni.

Hatukulala. Tuliketi kando ya mzee hadi Kaliua, ambapo reli ya Mpanda huungana na hii, na baada ya Urambo giza likaanza kuwa kijivu. Nje palikuwa na mapori ya miombo, miti myembamba isiyo na mwisho, na hapa na pale moshi mwembamba wa kijiji. Hakuna mlima. Tulikuwa hatujawahi kuona jua likichomoza bila kupanda juu ya kitu. Asubuhi ile lilitoka moja kwa moja ardhini, kama kaa linalofukuliwa kwenye majivu. Hewa ilikuwa baridi ya kiangazi, na koti la Mama likapata kazi yake halisi.

Tulipokaribia Tabora miembe mikubwa ilianza kuonekana kila upande. Gari likapunguza mwendo, likasimama kwenye jukwaa. Tulikuwa tukifungua kamba ya sanduku, na mara behewa likashtuka, likaanza kurudi nyuma. Moyo ukatudunda. Tukadhani tunapelekwa, tukalinyanyua sanduku, tukaukimbilia mlango ili turuke.

Mzee akatuita kutoka kitandani: «Taratibu! Haliendi popote.» Akaeleza kwamba Tabora ndipo mabehewa ya Kigoma yanapokutana na yale ya Mwanza, yakaunganishwa kuwa gari moja la kwenda Dar es Salaam. Kichwa cha gari huyasukuma mbele na nyuma, mara mbili, mara tatu, mpaka yaungane. Wageni wengi huogopa wakaruka, na hapo ndipo huvunjika miguu. Mwenye subira hungoja behewa lisimame kabisa, hushuka, na muda humbakia wa kunywa chai.

Tukangoja. Behewa lilisimama. Yule mwalimu alitupokezea sanduku dirishani. Tukatoa jibini moja kwenye mfuko, tukampa mzee kwa mikono miwili, tukasema kwa mara ya kwanza maishani neno ambalo mwalimu alikuwa ametunong'oneza ujiani: «Shikamoo, baba.»

«Marahaba, mwanangu.» Akainusa jibini, akakunja uso. «Hii inaliwa?»

«Inaliwa, baba. Huliwa na ndizi.»

Akaicheka, akaifunga kwenye kitambaa, akatupa kifurushi kimoja cha chumvi ya Uvinza. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande wa kushoto. Yeye alikuwa anaendelea hadi Dodoma. Ni baada ya gari kuondoka ndipo tulipotambua kwamba hatukumwuliza jina.

Tangu siku ile tumekuwa tukifundisha katekisimu zaidi ya miaka thelathini. Kila tunapoifikia amri ya nane, ile ya ushahidi wa uongo, watoto hufikiri habari za mahakama, mashahidi na hakimu. Sisi hufikiri behewa lenye giza, na neno moja lililopigiwa kelele na mtu ambaye hakukusudia kusema uongo hata kidogo. Tuliamini tulichokisema. Lakini tulikuwa tumeanza kukiamini tangu jioni, kwa sababu ya salamu isiyoitikiwa vizuri, na usiku tulipoona mikono gizani tulikuwa na maelezo tayari. Wazee wetu katika milima hii, ambamo kabila moja limewahi kulisikia jingine likiitwa kwa majina ya wanyama, wanajua neno la namna hiyo linavyoweza kufika mbali.

Yule kijana wetu atasafiri mwezi ujao. Tulimchongea kabari ya mti wa mikaratusi, urefu wa shubiri mbili. Tulimwambia aisogeze saa yake mbele mara tu atakapovuka ziwa, aviweke vitu vyake mbali na dirisha, na asishuke kabla behewa halijasimama kabisa. Akatuuliza, «Na wale nitakaolala nao chumba kimoja?» Tukamjibu aanze na shikamoo, aseme anatoka wapi na anakwenda wapi, na amwombe mmoja wao amwamshe Tabora.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni katika hatua ipi ya safari kosa lilianza: stesheni, kwenye salamu, Uvinza, au usiku wa manane?

2. Yule mwalimu aliuliza, «Ameiba nini?» Je, hapa kwetu kuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo mbele ya umati? Ilikuwaje?

3. Mzee alisema naye alikosea kwa kutotoa maelezo. Je, mnakubaliana naye?